Jinsi ya kusikiliza saa ya mkononi kabla hujaifungua: nilivyofunzwa na mzee wa saa pale Busia

Kila wiki naulizwa swali lile lile, "saa yangu inasimama, nifungue wapi?" na mimi kila wiki najibu usifungue kwanza, isikilize, halafu mtu ananijibu sasa nisikilize nini, si inalia tik tik tu kama saa zote. Basi leo naandika mara moja nimalize, nikiulizwa tena nakutumia hii.

Sikufunzwa chuoni. Nilifunzwa na mzee mmoja aliyekuwa anakaa kwenye baraza ya duka la mabati pale Busia upande wa Uganda, na kasanduku kake ka mbao chenye kioo juu, ndani saa tisa au kumi za watu zimelala kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, kazi yangu ilikuwa kumletea chai na kufukuza vumbi, na mwezi mzima wa kwanza hakuniruhusu kushika bisibisi hata siku moja. Aliniambia, "We kijana, mikono yako bado. Leta sikio kwanza."

Mwongozo huu ni wa saa za mekaniko, yaani zile za kutia ufunguo na zile otomatiki zinazojijaza mkono ukitembea. Za betri nitazigusa kidogo mwishoni.

Unahitaji nini

Saa yenyewe. Bisibisi ndefu ya kawaida yenye mpini wa plastiki au mbao, si ile ndogo ya saa. Kopo tupu la majani ya chai au glasi ya maji (bila maji bwana). Simu yenye uwezo wa kurekodi sauti na kuichezesha polepole. Kijiti cha meno cha mbao. Kitambaa safi cheupe. Kama utafika hatua ya kufungua, uwe na lenzi ya kukuzia na kifaa cha kufungulia kifuniko cha nyuma, na watu wengi hapa wanatumia mpira mdogo wa kuchezea, unaubana kwenye kifuniko na kuzungusha, kikiwa hakijakazwa sana kinatoka vizuri tu.

Na kingine ambacho hakiuzwi: ukimya. Pale Busia kulikuwa na kinu cha posho nyuma yetu, kikiwashwa saa mbili asubuhi hakuna kusikia kitu mpaka jioni, ukiongeza malori na boda boda wanaopigiana kelele. Kwa hiyo mzee alikuwa anafika saa kumi na mbili na nusu, saa moja na nusu ya kusikiliza tu, halafu mchana ndio wa kazi ya mikono. Wewe fanya usiku wakati nyumba imelala, zima feni, zima redio.

Kitu kimoja cha kujua tu

Ndani ya saa kuna gurudumu linaloyumba kwenda na kurudi, mzee aliliita balansi, na linarudishwa na springi nyembamba kama unywele. Kila likipita katikati linapiga kauma kadogo, kauma kanaachia jino moja la gurudumu la meno, na huo mgongano ndio unaousikia. Kwenda ni tik, kurudi ni tak. Saa nyingi za zamani za kutia ufunguo zinapiga mara 5 kwa sekunde, yaani 18,000 kwa saa, otomatiki nyingi za Kijapani zinapiga 6, nyingine za Uswisi 8. Inatosha, tuendelee.

Hatua

1. Ijaze kwanza. Saa yenye njaa inadanganya, mlio wake ni dhaifu hata kama haina ugonjwa wowote. Ya kutia ufunguo izungushe mpaka kitufe kikatae, ukihisi kimekataa acha hapo hapo usilazimishe. Otomatiki ambayo haikubali ufunguo itikise kwa mlalo huku na huku kama unapepeta mchele, dakika moja au mbili bila haraka. Kosa ambalo naliona kila siku ni mtu kuokota saa iliyolala mezani wiki nzima, anaitikisa mara tatu, anaiweka sikioni na kusema "mlio umekufa". Haujakufa, haijala.

2. Iweke mbali na saa nyingine. Unacheka, lakini mimi siku yangu ya kwanza mzee aliniuliza hii saa inaliaje nikamwelezea vizuri kabisa, kumbe ile niliyoshika imesimama na ninayosikia ni ya kwenye sanduku chini ya kidevu changu. Alicheka mpaka muuza chapati akaja kuuliza kuna nini. Na kuna lingine, ukibana saa sana sikioni utaanza kusikia moyo wako mwenyewe, dum dum, na utafikiri saa inachechemea. Isogeze kidogo, gusa tu.

3. Tumia bisibisi kama bomba la sauti. Ncha ya bisibisi igusishe kifuniko cha nyuma, mpini uweke kwenye ule mfupa nyuma ya sikio, si ndani ya sikio tafadhali. Sauti inapanda kwenye chuma na kuingia kwenye mfupa, utashangaa. Kama huna bisibisi, lalisha saa ndani ya kopo tupu au juu ya glasi iliyopinduliwa, kopo linakuza mlio kama ngoma. Mzee yeye alikuwa anaweka saa juu ya sanduku lake la mbao na kuinamisha shavu kwenye mbao, wapita njia walidhani amelala.

4. Sikiliza mwendo kabla ya nguvu. Hapa ndipo pa kukaa, usiende haraka. Usihesabu, hutaweza kuhesabu mapigo 6 kwa sekunde. Sikiliza *nafasi* kati ya mapigo. Saa nzima inaenda tik tak tik tak tik tak, nafasi zote sawa, kama mtu anayetembea kwenye lami. Saa iliyokosa mwendo inaenda tik-tak...tik-tak...tik-tak, mbili mbili, kama mtu mwenye mguu mmoja mbovu. Maana yake balansi haipumziki katikati, upande mmoja inakwenda safari ndefu na upande wa pili fupi.

Mzee alinifunza hivi: aliniwekea saa mbili, moja nzuri moja inayochechemea, nikafumba macho akawa ananibadilishia sikioni, nikikosea ananipiga kidogo na kitambaa. Siku nne nilikuwa nabahatisha. Siku ya tano nikashangaa kwamba nasikia bila kujaribu, na tangu hapo siwezi kutosikia, hata nikipanda matatu na jirani yangu ana saa inayochechemea ananikera safari nzima.

Kama sikio lako linasumbua, rekodi kwa simu sekunde ishirini halafu chezesha kwa nusu mwendo, uchechemeaji unajitokeza waziwazi. ONYO: usilalishe saa juu ya spika ya simu. Ndani ya spika kuna sumaku na springi ya unywele haipendi sumaku hata kidogo. Weka saa upande wa maikrofoni, acha nafasi ya vidole viwili.

5. Sasa sikiliza nguvu, na ugeuze saa. Uso juu, subiri nusu dakika, sikiliza. Uso chini, nusu dakika, sikiliza. Halafu isimamishe wima, kitufe kikitazama chini. Saa ikilala, mhimili wa balansi umesimama kwa ncha kama pia inavyozunguka, msuguano ni mdogo. Ikisimama wima mhimili umelala ubavu, msuguano unaongezeka, kwa hiyo mlio kupungua *kidogo* ni kawaida kabisa usipige kelele. Unachotafuta ni mlio unaoanguka sana, au unaosita, au saa ambayo uso juu inalia kwa nguvu na uso chini inalia kama imefunikwa blanketi. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni ncha moja ya mhimili imeharibika au ina uchafu, kwa sababu ukigeuza saa unabadilisha ncha inayobeba uzito.

6. Andika kabla ya kugusa. Kwenye karatasi: mwendo sawa au unachechemea, nguvu uso juu, uso chini, wima. Basi. Mzee hakujua kuandika vizuri, alikuwa anachora vijiti, vijiti vilivyopangwa sawa ni nzima, vijiti vya mbili mbili ni mgonjwa.

Kisa cha dereva, ili uone hatua zote zikifanya kazi

Siku hizo malori yalikuwa yanapanga foleni pale mpakani siku mbili tatu yakisubiri karatasi. Asubuhi moja akaja dereva wa Mombasa, "Shikamoo mzee," "Marahaba," akavua Seiko 5 otomatiki, nyuma imeandikwa 7S26, namba ya mashine yake. Anasema, mzee hii saa nikiwa safarini inakwenda vizuri tu, nikifika hapa foleni kila asubuhi naikuta imekufa, nikiitikisa inaamka. Nimeipeleka kwa fundi mwingine huko nyuma kwa sababu ilikuwa inakimbia, akairekebisha mbio zikapungua, lakini ugonjwa huu ukaanza.

Mzee hakusema kitu, akaitikisa kama dakika mbili, akanipa mimi. "Sikiliza uniambie."

Nikaweka bisibisi. Nguvu ilikuwepo, uso juu sawa, uso chini sawa. Lakini mwendo, tik-tak...tik-tak. Nikasema, "Mzee, inachechemea." Akasema, "Mguu gani?" Nikanyamaza, akacheka, kumbe ni utani wake tu, sikio haliwezi kukuambia upande gani.

Akamgeukia dereva akamuuliza maswali mawili. Ukiwa foleni unalala sana? Ndiyo, nifanye nini kingine. Usiku unaiweka wapi? Naitundika kwenye msumari ndani ya kabini. Basi mzee akaniangalia, na mimi bado sijaelewa, akanieleza pole pole. Otomatiki inajazwa na mkono unaotembea. Dereva akiendesha anazungusha usukani mchana kutwa, saa imeshiba, na ikishiba hata inayochechemea inakwenda. Akilala foleni siku mbili saa inakuwa na njaa, halafu anaitundika wima ambapo msuguano ni mkubwa, ikifika alfajiri nguvu imebaki kidogo, na balansi isiyopumzika katikati ikiwa dhaifu inashindwa kuvuka ule upande mrefu. Inasimama. Na haiwezi kujiamsha yenyewe mpaka itikiswe.

Hakuna aliyefungua chochote bado, na ugonjwa tayari unajulikana.

Akafungua. Kwenye daraja la balansi ya saa hii kuna vimkono viwili vidogo, na hapa fungua macho maana ndipo watu wanaharibu. Fuata springi ya unywele mpaka mwisho wake wa nje. Kimkono ambacho springi *inaishia* na kushikwa, hicho ni cha mwendo, tik na tak. Kimkono ambacho springi *inapita* tu katikati ya kanafasi kadogo, hicho ni cha kwenda mbio au polepole. Fundi wa kwanza alitaka kupunguza mbio, akasukuma vyote viwili, au akasukuma kisicho chake kwanza, saa ikatulia mbio ikapata kilema.

Mzee alichukua kijiti cha mbao alichokichonga ncha, si chuma, kwa sababu chuma kikiteleza kinaingia kwenye springi na hapo umeua. Akagusa kimkono cha mwendo. Nilikuwa nimeinama kwenye lenzi na sikuona kikisogea, nawaambia ukweli sikuona. Akasema sikiliza. Kimezidi, tik-tak......tik-tak. Akakirudisha mpaka kilipokuwa, akavuka kidogo upande wa pili. Sikiliza. Afadhali. Tena. Mara ya nne au ya tano nikasikia mapigo yamejipanga yenyewe mstari mmoja, mwili ukasisimka, nikasema hapo! na yeye mkono ulishatoka zamani, alisikia kabla yangu bila bisibisi na umri ule.

Halafu ndipo akagusa kimkono cha mbio, kwa sababu ukisogeza cha kwanza unavuruga na cha pili. Daima mwendo kwanza, mbio baadaye, ukigeuza utafanya kazi mara mbili. Mbio hakuzipima kwa sikio, na wewe usijaribu, sikio haliwezi kukuambia kama saa inapoteza dakika moja kwa siku. Aliipatanisha na saa ya taarifa ya habari redioni akamwambia dereva iache hapa mpaka kesho habari ya saa moja.

Jaribio la mwisho lilinipendeza zaidi. Aliiacha mpaka ikafa kabisa, foleni bado ilikuwepo kwa hiyo dereva hakuwa na haraka, kama siku mbili hivi. Kisha kifuniko kikiwa wazi akazungusha ule uzito wa nyuma unaoijaza saa kwa kidole, taratibu, mizunguko mingi, saa imetulia mezani haitikiswi. Ikaanza yenyewe. Saa iliyochechemea sana ingesubiri kutikiswa. Kwa saa ya kutia ufunguo jaribio hili ni rahisi zaidi, iache ife, iweke mezani, zungusha kitufe mara chache, inatakiwa iamke yenyewe.

Makosa yanayoua saa

Kushika balansi kwa kidole "ili kuiamsha". Jasho na mafuta ya kidole yanabaki, na springi ikipinda ni kazi ya fundi mkubwa.

Kupuliza vumbi kwa mdomo. Unapuliza mate, baada ya miezi kuna kutu.

Kumwaga petroli. Najua mafundi wa barabarani wanafanya, hata mzee alifanya, lakini yeye alikuwa anavua vipande, anaosha, anakausha, anatia mafuta ya saa tone moja moja kwa ncha ya sindano. Ukidondosha petroli kwenye saa nzima unayeyusha mafuta yaliyobaki na kusambaza uchafu, itakwenda wiki mbili inakufurahisha halafu chuma kinakula chuma.

Na kusukuma kimkono kwa nguvu kwa sababu "hakijasogea". Kimesogea. Sikiliza kwanza.

Ukikwama

*Mwendo sawa lakini mlio dhaifu kila upande, na umeijaza vizuri.* Mafuta yamekauka, au springi kubwa, ile inayotunza nguvu ya saa ukiijaza, imechoka. Vimkono havitasaidia hapa, inataka kufunguliwa yote na kuoshwa.

*Ghafla imeanza kukimbia dakika nyingi kwa siku.* Shuku sumaku, mikunjo ya springi ya unywele inashikana na springi inakuwa kama imefupishwa. Weka dira karibu na saa, sindano ya dira ikicheza kuwa na wasiwasi. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anamaliza kwa dakika moja, usikubali kulipia kuoshwa.

*Kuna mkwaruzo mwembamba ndani ya mlio, kama ukucha kwenye bati.* Kitu kinagusa, mara nyingi springi inagusa balansi au kimkono. Usiivae, ipeleke.

*Baada ya kubadilishiwa springi kubwa inalia kama farasi anayekimbia, mapigo ya ziada yanaingia.* Springi mpya ina nguvu kupita saa, balansi inazunguka mpaka inapiga kauma kwa nyuma. Mwambie fundi aliyeiweka atafute nyepesi zaidi.

*Unasikia usawa lakini fundi mwenye mashine anasema kuna kosa.* Mwamini mashine. Mashine inaona tofauti ya milisekunde 1, sikio lako na langu havifiki huko. Sikio ni la kukuambia saa ni mgonjwa wa nini, si la kuweka shahada ukutani.

*Inalia mara moja tu kwa sekunde.* Hiyo ni ya betri, weka bisibisi chini. Mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde mbili mbili basi kwa saa nyingi ni dalili betri inaisha, badilisha mapema kabla haijavuja ndani. Mzee za betri alikuwa ananisukumia mimi zote, anasema hizo hazina hadithi, lakini ndizo zilizokuwa zinalipa chai.